Asilimia 15 kwa Asilimia 12: Mfuko Upi Umefanya Kazi?

Kama kuna kalamu na karatasi jirani, itafaa kuwa nazo, maana tutapiga hesabu kidogo. Si hesabu ya kutisha. Ni kujumlisha, kutoa na kugawanya, na simu yako itakusaidia pale inapobidi.

Swali letu ni hili. Kuna mifuko miwili ya uwekezaji wa pamoja. Kwa wale wasioizoea, huu ni utaratibu wa watu wengi kuchangia fedha, meneja akazinunulia hisa, hatifungani na dhamana nyingine, na kila mchangiaji akapewa vipande kulingana na alichoweka. Tanzania wengi waliufahamu mwaka 2005, Mfuko wa Umoja ulipoanza kuuza vipande. Leo mifuko ni mingi, na kila mmoja unatangaza faida yake. Sasa mfuko mmoja umeleta wastani wa asilimia 15 kwa mwaka katika miaka mitano, na mwingine asilimia 12. Upi umefanya kazi nzuri zaidi?

Mtu atasema swali hilo ni la mtoto wa darasa la pili: 15 ni kubwa kuliko 12, tumemaliza. Mimi nasema bado hatujaanza. Ili tulijibu, lazima tujue mambo mawili ambayo tangazo halisemi. La kwanza, fedha yako ingepata nini kama ungeiweka mahali salama kabisa, bila meneja wala wasiwasi. La pili, ulitikiswa kiasi gani njiani hadi kuifikia hiyo faida. Kuna kipimo kinachoyaunganisha mambo hayo mawili katika namba moja, nacho kinaitwa uwiano wa Sharpe.

Jina hilo ni la mtu. William Sharpe ni mwanauchumi wa Marekani ambaye mwaka 1966 alichapisha utafiti kuhusu mifuko 34 ya nchini kwake, akitazama mwenendo wake kuanzia 1954 hadi 1963. Alitaka kujua kama mameneja wale walistahili sifa walizokuwa wakipewa. Badala ya kuipanga mifuko kwa faida peke yake, aligawanya faida ya ziada ya kila mfuko kwa kiasi ulichokuwa ukiyumba. Kisha akailinganisha na fahirisi ya Dow Jones, ambayo ni wastani wa bei za hisa 30 za makampuni makubwa, isiyo na meneja anayechagua kila asubuhi anunue nini. Mifuko 11 tu kati ya 34 ndiyo iliyoishinda fahirisi ile. Mwaka 1990 Sharpe alikuwa mmoja wa wanauchumi watatu waliopewa Tuzo ya Nobel, ingawa tuzo yenyewe ilitokana hasa na kazi yake ya namna bei za mali zinavyohusiana na hatari.

Sasa turudi kwenye mifuko yetu miwili. Namba nitakazotumia ni za mfano, nimezichagua ili hesabu itoke sawasawa. Si za mfuko wowote unaouzwa.

Wa kwanza ni mfuko wa hisa. Mwaka wa kwanza ulipata asilimia 36. Mwaka wa pili ukapata hasara ya asilimia 2. Mwaka wa tatu faida ya 22, wa nne 4, na wa tano 15. Jumlisha, ukikumbuka kuitoa ile hasara, utapata 75. Gawanya kwa miaka mitano, wastani ni 15.

Wa pili ni mfuko mchanganyiko, wenye hatifungani nyingi na hisa chache. Wenyewe ulipata 19, kisha 5, kisha 13, kisha 11, kisha 12. Jumla ni 60, na wastani ni 12.

Aliyeweka shilingi milioni moja kwenye mfuko wa hisa na kuziacha miaka yote mitano amemaliza na takriban shilingi 1,945,000. Mwenzake wa mfuko mchanganyiko ana takriban 1,755,000. Kwa hiyo wa kwanza ana haki ya kutabasamu. Lakini tulichouliza ni nani amefanya kazi nzuri zaidi, na hilo tutalijua tukishapima mtikisiko.

Mtikisiko tunaupima hivi. Chukua kila mwaka, tazama umeachana na wastani kwa kiasi gani. Kwa mfuko mchanganyiko, wastani ni 12, hivyo mwaka wa 19 umeuzidi kwa 7, mwaka wa 5 umepungua kwa 7, wa 13 umezidi kwa 1, wa 11 umepungua kwa 1, na wa 12 umekaa palepale. Zidisha kila tofauti kwa yenyewe: 49, 49, 1, 1, na sifuri. Jumla ni 100. Gawanya kwa 4, yaani idadi ya miaka ukitoa mmoja, kwa kuwa miaka yetu ni sampuli tu ya mwenendo wa mfuko. Unapata 25. Kipeuo cha pili cha 25 ni 5. Hiyo 5 wanatakwimu wanaiita mkengeuko sanifu. Kwa lugha ya mwenye fedha, inakwambia kwamba mwaka wa kawaida wa mfuko huu unaweza kuangukia asilimia 5 hivi juu au chini ya wastani.

Ukifanya vivyo hivyo kwa mfuko wa hisa, tofauti ni 21, 17, 7, 11 na sifuri. Ukizizidisha kwa zenyewe na kuzijumlisha unapata 900. Gawanya kwa 4 ni 225, na kipeuo chake ni 15. Mfuko wa hisa, basi, unatikisika mara tatu ya mwenzake.

Kinachobaki ni ile fedha ya mahali salama. Kwetu kipimo cha kawaida ni dhamana za serikali za muda mfupi, zile ambazo Benki Kuu inaziuza kwa mnada na kukurudishia fedha yako ndani ya mwaka. Tuseme katika miaka hiyo mitano zilikuwa zikilipa asilimia 8. Asilimia 8 hiyo ungeipata bila kumlipa meneja yeyote, kwa hiyo si haki meneja ajisifie. Itoe. Mfuko wa hisa unabaki na ziada ya 7, na mfuko mchanganyiko ziada ya 4.

Sasa gawanya ziada kwa mtikisiko. Mfuko wa hisa: 7 kwa 15, unapata 0.47. Mfuko mchanganyiko: 4 kwa 5, unapata 0.8. Mfuko wa asilimia 12 umeupita ule wa asilimia 15, na umeupita mbali.

Najua kuna anayesema, hiyo 0.8 mimi siili. Nitalipia ada ya shule kwa uwiano? Ni pingamizi la haki, na jibu lake ndilo moyo wa kipimo hiki, kwa hiyo tulifuate taratibu.

Chukua mtu mwenye shilingi milioni tatu. Anataka kuingia kwenye mfuko wa hisa, lakini hataki mtikisiko unaozidi ule wa mfuko mchanganyiko. Anaweza kuupata. Aweke milioni moja kwenye mfuko wa hisa, na milioni mbili kwenye dhamana za serikali. Kwa kuwa theluthi moja tu ya fedha yake ndiyo inayotikisika, mtikisiko wa fedha yote unashuka kutoka 15 hadi 5, sawa kabisa na mfuko mchanganyiko. Faida yake je? Milioni ya hisa inaleta wastani wa shilingi 150,000 kwa mwaka. Milioni mbili za dhamana, kwa asilimia 8, zinaleta 160,000. Jumla 310,000. Lakini kama milioni zote tatu angeziweka kwenye mfuko mchanganyiko, kwa asilimia 12, angepata wastani wa 360,000. Mtikisiko ni uleule, ila shilingi 50,000 zimepotea kila mwaka. Hapo uwiano wa Sharpe umegeuka kuwa shilingi mkononi. Kazi yake ni kuisawazisha mifuko katika mtikisiko, kisha kuuliza ni nani anayelipa zaidi.

Tukiishia hapo, tutatoka tukiamini kwamba mwenye namba kubwa ndiye mshindi siku zote. Sivyo. Kuna mambo matatu yanayoweza kuugeuza uamuzi wetu.

Jambo la kwanza ni ile asilimia ya mahali salama. Hisa na hatifungani hatujazigusa, tubadilishe hiyo moja tu: dhamana za serikali zilipe asilimia 11 badala ya 8. Mfuko wa hisa sasa una ziada ya 4, ukigawa kwa 15 ni 0.27. Mfuko mchanganyiko una ziada ya 1, ukigawa kwa 5 ni 0.2. Mshindi amebadilika, na mifuko ni ileile, miaka ileile. Ukipiga hesabu utakuta mpaka wenyewe uko kwenye 10.5. Chini ya hapo mfuko mchanganyiko unaongoza, juu ya hapo mfuko wa hisa unaongoza. Sababu yake ni rahisi: mfuko wenye ziada nyembamba ndio unaoumia zaidi serikali inapoanza kulipa vizuri.

Katika nchi zetu hilo si jambo la vitabuni. Kenya, dhamana za siku 91 zilivuka asilimia 16 mwaka 2024, na kufikia mwanzoni mwa 2025 zilikuwa zimeshuka chini ya 10. Meneja wa Nairobi anayetumia asilimia ya mwaka mmoja kuhukumu miaka mitano anaweza kutoa mshindi anayemtaka. Kwa hiyo asilimia ya kutoa lazima iwe ya kipindi kilekile cha faida, na ya fedha ileile. Mfuko wa dola unatolewa asilimia ya dhamana za dola, si za shilingi. Na wapo wanaorahisisha kwa kutoa sifuri, yaani wanajifanya kwamba mahali salama hapalipi kitu. Kwa mfano wetu, mfuko wa hisa ungepata 1 kamili na mfuko mchanganyiko 2.4. Pengo limetanuka kwa hila tupu, kwani asilimia 8 ya serikali imehesabiwa kuwa ni ujuzi wa meneja.

Tukiwa hapohapo, niseme pia kwamba mfuko ukileta faida ndogo kuliko dhamana za serikali, ziada inakuwa hasi, na uwiano unapoteza maana. Ukigawa hasara kwa mtikisiko mkubwa, namba inaonekana nafuu, kana kwamba kutikisika ni sifa. Ukiona uwiano hasi, acha kulinganisha. Jua tu kwamba serikali ingekulipa vizuri zaidi.

Jambo la pili ni wewe mwenyewe na shabaha yako. Tumeona kwamba anayetaka mtikisiko mdogo anaweza kuuchanganya mfuko wa hisa na dhamana, na akashindwa na mfuko mchanganyiko. Lakini vipi anayetaka asilimia 15, kwa sababu anajenga akiba ya uzeeni na ana miaka 25 mbele? Wananadharia wanasema achukue mfuko wenye uwiano mkubwa, kisha akope ili aukuze. Kwa kila shilingi 100 zake akope 75, azitie zote 175 kwenye mfuko mchanganyiko. Faida ya 175 kwa asilimia 12 ni 21. Kama mkopo ni wa asilimia 8, riba ni 6, anabaki na 15 juu ya fedha yake. Tena mtikisiko wake unakuwa chini ya 9, wakati mfuko wa hisa unatikisika kwa 15. Kwenye karatasi ni ushindi mkubwa.

Sasa nenda benki uombe mkopo wa asilimia 8. Tuseme umepata wa 16. Riba ya shilingi 75 ni 12, na 21 ukitoa 12 ni 9. Umekopa, umejitia mashakani, na umepata 9 wakati bila kukopa ungepata 12. Kwa hiyo mwananchi asiyeweza kukopa kwa bei ya serikali, mwenye miaka mingi mbele na moyo wa kuvumilia mwaka wa hasara, anaweza kuchagua mfuko wa hisa akijua vizuri kwamba uwiano wake ni mdogo, na asiwe amekosea. Uwiano umemhukumu meneja. Haujui mtoto wako anaingia chuo mwaka gani.

Jambo la tatu ndilo linalowaumiza watu, nalo ni utulivu wa uongo. Uwiano wa Sharpe unagawanya kwa mtikisiko, kwa hiyo chochote kinachoficha mtikisiko kinaupandisha. Njia ya kawaida ya kuuficha wala si wizi. Ni bei za zamani. Hisa ya kampuni ambayo haijauzwa sokoni kwa wiki nzima inabaki imeandikwa bei ya wiki iliyopita. Hatifungani inayoandikwa kwa bei iliyonunuliwa, badala ya bei ambayo ingeuzwa leo, haiyumbi kwenye vitabu hata kama soko limeyumba. Mfuko wenye mali za namna hiyo unaonekana umetulia, kumbe haujapimwa. Mwaka 2002 mtafiti Andrew Lo alionyesha kwamba uwiano wa mifuko ya aina hiyo unaweza kukuzwa kupita kiasi, hasa pale namba za mwezi zinapogeuzwa kuwa za mwaka kwa kanuni ya mkato. Dalili yake utaiona ukitazama mwezi baada ya mwezi: faida inafuatana kama ngazi, mwezi mzuri ukifuatwa na mwezi mzuri unaofanana nao mno.

Na upo utulivu wa uongo ulio wizi mtupu. Mfuko wa Fairfield Sentry ulikuwa ukikusanya fedha na kumpelekea Bernard Madoff wa New York. Kwa miaka mingi ulitangaza faida ya asilimia 10 hivi kwa mwaka, na miezi ya hasara ilikuwa ya kuhesabu. Uwiano wake wa Sharpe ulizidi 2, kiwango ambacho mifuko ya hisa haikishiki kwa miaka mingi mfululizo. Mchambuzi mmoja, Harry Markopolos, alizitazama namba hizo akaona haziwezekani, na tangu mwaka 2000 akawa anaionya tume inayosimamia masoko ya mitaji ya Marekani. Hakusikilizwa. Desemba 2008 Madoff alikamatwa, ikabainika hakukuwa na biashara yoyote ya hisa nyuma ya zile taarifa. Mwaka uliofuata alihukumiwa kifungo cha miaka 150. Waliokuwa wakipanga mifuko kwa uwiano wa Sharpe peke yake waliuweka mfuko ule juu kabisa ya orodha. Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani.

Kabla sijafunga, turudi kwenye miaka yetu mitano. Tofauti ya 0.8 na 0.47 inaonekana kubwa, lakini tuna ushahidi wa miaka mitano tu. Kwa urefu huo, makadirio ya kitakwimu yanatuambia kwamba uwiano wa 0.8 unaweza kuwa umepanda au kushuka kwa nusu nzima kwa sababu ya bahati tu. Maana yake mfuko wa 0.8 huenda uwezo wake halisi ni 0.3, au 1.3. Pengo letu la 0.33 linaingia lote ndani ya bahati hiyo. Kuipima kwa miezi 60 badala ya miaka mitano hakusaidii sana, kwa kuwa muda uliopita ni uleule. Kinachosaidia ni miaka zaidi. Kwa hiyo mifuko miwili yenye 0.50 na 0.55 ichukulie kuwa iko sawa, na mtu akikuuzia wa pili kwa sababu ya hizo 0.05, mshukuru, uulizie ada.

Hukumu yangu juu ya mifuko yetu ni hii. Kwa dhamana za serikali za asilimia 8, mfuko mchanganyiko wa asilimia 12 ndio uliolipa vizuri zaidi kwa kila kiasi cha mtikisiko, na mwenye fedha za kutumia ndani ya miaka michache hana sababu ya kuukimbia. Mfuko wa hisa wa asilimia 15 unamfaa mwenye muda mrefu, mradi ajue kwamba ile 3 ya ziada ameilipia kwa kutikiswa mara tatu.

Na wewe msikilizaji, ukikabidhiwa karatasi yenye uwiano wa Sharpe, usitoke ofisini kabla ya kuuliza haya: mmetoa asilimia gani ya mahali salama, na ni ya miaka ipi? Faida hii ni kabla au baada ya ada zenu? Mali zilizomo mnazipa bei kwa njia gani? Na namba hii ni ya miaka mingapi? Meneja anayejua kazi yake atakujibu yote manne bila kutafuta faili. Asiyeweza kukujibu, mwache na uwiano wake, wewe ondoka na fedha yako.